Wajibu wake ndoo ngapi? Kisa cha kipindi cha haki za mtoto kilichopangwa mara mbili

Mama wa mwanafunzi wangu mmoja alifika shuleni Jumatano, kabla ya kengele ya mapumziko, akasimama mlangoni pa ofisi ya walimu kanga imefungwa kiunoni kama mtu aliyeacha kazi nyumbani. Nilimwamkia, akaitika, akakataa kiti.

"Mwalimu, jana nimemtuma mwanangu maji. Kanijibu eti mwalimu kasema mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Nikamuuliza, haya, maji atachota nani? Kanyamaza. Sasa nimekuja nikuulize wewe."

Nikamjibu kama kilivyosema kitabu, kwamba kila haki inaendana na wajibu, na kuwasaidia wazazi ni wajibu wa mtoto.

"Ehe," akasema. "Sasa wajibu wake ndoo ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimefundisha mada hiyo siku moja kabla, watoto 64 wa Darasa la Tano walikuwa wameandika haki zote daftarini, karibu wote wamepata tano kwa tano kwenye zoezi, na mimi mwenyewe nilikuwa nimerudi ofisini nimeridhika. Swali la ndoo ngapi halikuwa mahali popote katika andalio langu la somo. Nilimwomba yule mama anipe wiki moja.

Hii ilikuwa mwaka 2021, katika shule ya msingi iliyo pembezoni mwa mji mdogo mkoani Tanga. Bomba la maji liko mteremkoni, ng'ambo ya barabara kuu, kwa hiyo kwenda ni rahisi na kurudi na ndoo kichwani ni kupanda. Nalitaja hilo mapema kwa sababu somo zima, lile lililoshindwa na lile lililofuata, linazunguka mteremko huo.

Andalio la kwanza lilikuwa la kawaida kabisa. Utangulizi dakika tano, wimbo. Maarifa mapya: maana ya haki, kisha makundi matano ambayo kila mwalimu wa Uraia na Maadili anayajua kwa moyo, yaani kuishi, kuendelezwa, kulindwa, kushirikishwa na kutobaguliwa. Kuimarisha maarifa: jedwali ubaoni, safu ya kushoto haki, safu ya kulia wajibu. Mwisho zoezi la "taja haki tano za mtoto".

Nilipoyapitia madaftari upya baada ya yule mama kuondoka, niliona mambo mawili ambayo alama za vema zilikuwa zimeyafunika. La kwanza, orodha ile haikuwa na kipimo. Mtoto aliyeandika "haki ya kucheza" hakuwa na namna ya kujua inaanzia wapi na inaishia wapi, kwa hiyo akiitoa darasani na kuipeleka nyumbani anaitumia kama rungu, au haitumii kabisa. Yule binti aliitumia kama rungu. Wengine 63 nadhani hawakuitumia kabisa, na hilo ndilo lililonisumbua zaidi, maana wao hakuna mzazi aliyekuja kuniambia.

La pili lilikuwa jedwali. Ukiweka haki kushoto na wajibu kulia kwenye mstari mmoja, mtoto anausoma mstari ule kama biashara: toa hiki upewe kile. Mvulana mmoja alikuwa ameandika mfano wake mwenyewe, kwa mwandiko safi sana, "Asiyefagia asile." Nilikuwa nimempa vema. Jambo hilo si kweli kisheria wala kiutu. Chakula, mavazi, malazi, matibabu, elimu na muda wa kucheza, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaviweka mabegani mwa mzazi au mlezi, na mtoto hanunui hata kimoja kwa kufagia. Wajibu wa mtoto upo, umeandikwa katika sheria hiyo hiyo, ila si bei ya haki zake. Sikuwahi kumwambia hivyo mtu yeyote kwa sababu jedwali la kitabuni lilikuwa limenisemea kinyume.

Basi nikarudi kwenye sheria, nikitafuta ndoo. Bila shaka haisemi ndoo ngapi. Lakini kifungu cha 12 kinakataza mtu kumwajiri mtoto au kumshughulisha katika jambo lolote linaloweza kudhuru afya yake, elimu yake, au makuzi yake ya akili, mwili na maadili. Kifungu cha 5 kinakataza kumbagua mtoto. Na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, ambao watu wengi hunukuu haki zake tu, katika ibara ya 31 unampa mtoto wajibu wa kuwaheshimu wazazi wake na kuwasaidia wanapohitaji, kwa kadiri ya umri na uwezo wake. Nilipoyaweka maneno hayo pamoja niliona kumbe kipimo kipo. Kazi ya nyumbani ni wajibu halali wa mtoto. Inageuka kuwa kitu kingine pale inapozidi umri na nguvu zake, inapomla masomo, inapomuumiza, au anapobebeshwa yeye peke yake kwa sababu ya alivyo.

Hayo ni maswali, na maswali mtoto wa miaka 11 anayaweza. Nikayaandika kwa maneno ya darasani: Je, mwili wake unaweza? Je, anakosa shule au anafika amechoka? Je, anaweza kuumia? Je, wenzake pale nyumbani nao wanafanya?

Kilichobaki kilikuwa jinsi ya kuyaleta. Hapa nilifanya uamuzi mmoja ambao naona ndio uliobeba kipindi, nao ni kushika tendo moja tu. Kishawishi cha mwalimu ni kukusanya visa vya kila aina, ndoa za utotoni, ukeketaji, watoto wa mitaani, watoto machimboni. Ni mambo makubwa na yapo. Lakini mtoto anayekaa nyumbani na mama yake anayasikiliza kama habari za redioni, anawahurumia hao wengine, kisha anafunga daftari. Nikachagua maji, ambayo hakuna mtoto darasani asiyeyachota, nikatunga kadi nne za tendo hilo hilo, kila kadi ikibadilisha kitu kimoja.

Suala la majina lilinipa kazi. Katika darasa la watoto 64, jina lolote utakaloandika lina mwenyewe. Ukiandika Asha, Asha watatu wanageuziwa macho. Ukiandika kisa kinachofanana na cha mtoto fulani, hata bila jina, wenzake wanamjua. Nikawapa wahusika wangu majina ya matunda, na hali za nyumbani nikazichanganya makusudi ili kisa kisilingane na nyumba yoyote niijuayo. Kadi zenyewe nilizikata kutoka kwenye maboksi ya chaki.

Embe ana miaka 11. Akitoka shule hula, hupumzika kidogo, kisha huchota maji kwa ndoo ndogo ya lita 10, halafu huenda kucheza rede mpaka magharibi.

Chungwa ana miaka 11. Huamshwa saa 10 alfajiri, kungali giza. Huchota ndoo ya lita 20 mara nne, akivuka barabara kuu. Hufika shuleni kipindi cha kwanza kimekwisha, na kipindi cha tatu husinzia.

Nanasi ana miaka 11, na kaka yake ana miaka 13. Jioni Nanasi huchota maji, huosha vyombo na kupika. Kaka yake hufanya kazi ya shule aliyopewa, kisha huenda uwanjani. Nanasi hufanya kazi yake ya shule usiku, au haifanyi.

Fenesi ana miaka 11. Mara mbili kwa wiki, wakati wa kipindi cha Hisabati, hutumwa na mwalimu kupeleka maji nyumbani kwa mwalimu.

Kabla ya kuzipeleka darasani nilizipeleka kwa yule mama. Nilimkuta anapepeta mchele, nikamsomea moja baada ya nyingine. Ya Embe aliicheka.

"Ndoo moja ya lita 10? Kwa nyumba ya watu saba? Hayo ya kunawa tu, mwalimu. Watoto watakwambia huyu Embe hana kwao."

Alikuwa na haki. Embe wangu alikuwa mtoto wa kitabuni, na darasa lingeona mara moja kwamba mfano mzuri ni wa nyumba isiyokuwepo. Tukamwongezea safari, zikawa tatu, na tukamwekea mdogo wake anayemsaidia kwa dumu la lita tano. Ya Chungwa hakuicheka. Alisema tu kwamba foleni ya bombani ikizidi asubuhi huwezi kupata maji mpaka adhuhuri, ndiyo maana watu wanaamka giza. Nikaandika maneno hayo pembeni mwa andalio, sikujua bado kwamba yangenisaidia.

Niliomba vipindi viwili mfululizo, dakika 80, kwa kubadilishana na mwalimu wa Sayansi. Kwa vipindi vya dakika 40 kila kimoja kwa siku tofauti jambo hili halifanyiki vizuri, kwa sababu watoto wakishaanza kubishana kengele inawakata, na ubishi uliolala usiku mmoja asubuhi hauamki. Vikundi vilikuwa vinane vya watoto wanane, kila kadi ikapewa vikundi viwili. Kwa kuwa kila kadi ilikuwa na vikundi viwili, kimoja kilisoma majibu yake na cha pili kikasimama kuongeza au kupinga, kwa hiyo kila kikundi kilichosimama kilizungumzia kadi ambayo kilikuwa kimeifanyia kazi. Pia nilileta ndoo mbili, ya lita 10 na ya lita 20, nikaziweka mbele ya ubao zimejaa maji.

Utangulizi ulikuwa ndoo zenyewe. Niliwauliza maji ya lita 20 yana uzito gani. Wakabahatisha, kilo tano, kilo mia. Nilipowaambia lita moja ya maji ni kilo moja, mmoja akafanya hesabu kwa sauti, akasema, "Mimi nilipimwa zahanati nikawa kilo 31." Akaiangalia ile ndoo kubwa. Kilo 20 kwa mwili wa kilo 31 ni karibu theluthi mbili ya uzito wake, kichwani, akipanda. Hatukuhitaji maelezo zaidi juu ya swali la kwanza.

Kadi ya Embe ilikwenda haraka, wakakubaliana kwamba anafanya wajibu wake na hakuna haki iliyoguswa. Nilifurahi kwamba msichana aliyeniletea kisa alikuwa kwenye kikundi hicho, na alisema mwenyewe kwamba Embe "anacheza na anachota, vyote." Sikumwangalia kwa muda mrefu.

Ya Chungwa ndiyo iliyowaka. Kikundi cha kwanza kilisimama na hukumu tayari: mama yake Chungwa ni mbaya, ashtakiwe. Darasa likapiga makofi. Huu ni mtego niliokuwa nimeuona kwenye andalio, ila sikujua ungekuja mapema hivyo. Watoto wakishapewa wazo la haki, kitu cha kwanza wanachotafuta ni mkosaji, na mkosaji aliye karibu kuliko wote ni mama. Mtoto mwenye mama wa namna hiyo nyumbani, nao walikuwemo wengi, anabaki na mambo mawili tu: kumchukia mama au kuikataa haki.

Nilifuta ubaoni neno "nani" nililokuwa nimeliandika mwenyewe, nikauliza swali lingine. Chungwa amekosa nini? Wakataja: usingizi, kipindi cha kwanza, usalama barabarani, nguvu za kusikiliza kipindi cha tatu. Kisha nikauliza: ili avipate, nani anaweza kubadilisha kitu gani? Ndipo nikawaambia maneno ya foleni, kwamba maji yakichelewa kuchotwa hayapatikani. Kimya kidogo. Mvulana mmoja wa nyuma akasema, "Basi bomba liongezwe." Mwingine akasema baba naye anaweza kubeba madumu kwa baiskeli. Wa tatu akasema mengine yachotwe jioni yalazwe kwenye pipa. Tukayaandika yote, na mbele ya kila moja jina la anayeweza: mama, baba, kaka, serikali ya kijiji. Bila kutamka neno lolote la kisheria walikuwa wamefika mahali ambapo sheria inafika, kwamba haki ya mtoto mmoja ina wadaiwa wengi, na mzazi ni mdaiwa wa kwanza lakini si wa pekee. Safu yangu ya "wajibu" ya jedwali la kwanza ilikuwa imemwachia mtoto kila kitu.

Kama ningekuwa na nafasi ya kumpa mwalimu mwenzangu kitu kimoja kutoka kipindi hiki, ni ule mpangilio wa maswali. Anza na kilichokosekana, uende kwa anayeweza kukirudisha, na neno "mkosaji" liache lije lenyewe pale linapostahili, kwa sababu kuna visa ambavyo linastahili kabisa.

Nanasi aligawa darasa sehemu mbili, wavulana huku na wasichana kule, kwa kelele. Kikundi cha wavulana watupu, kosa langu la kuwapanga kwa madawati, kilisema kupika ni kazi ya wasichana na kwa hiyo swali la nne halihusu. Sikuwahubiria. Niliwaambia wahesabu. Wakaandika saa za jioni za Nanasi na za kaka yake sambamba, kuanzia saa 10 hadi saa 4 usiku. Mstari wa Nanasi ulijaa, wa kaka ulikuwa na nafasi tatu wazi. Mmoja wao akasema, "Lakini kaka ana mtihani." Msichana akamjibu kutoka upande wa pili, "Na Nanasi naye ana mtihani, wako shule moja." Wote hawakushawishika, na sitasema walishawishika. Ila jedwali la saa lilibaki ubaoni, na nimeligundua kuwa na nguvu kuliko neno "ubaguzi," ambalo watoto hulijua kama matusi kati ya makabila tu.

Kisha Fenesi. Kikundi kilisimama, msomaji akasoma kadi, akanyamaza. Wenzake wakaangalia mlangoni. Wakati huo mwalimu wa zamu alikuwa anapita varandani na fimbo yake kwapani. Nikauliza kilichokosekana. Hakuna mkono. Mwishowe mtoto mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu hakosei."

Hapa ndipo niseme wazi kosa la mpango wangu. Kadi ya shule niliiweka mwisho, dakika 12 kabla ya kengele, na nikaiweka mbele ya watoto kana kwamba ni sawa na zile za nyumbani. Si sawa. Kuhusu nyumbani wanazungumza mbele yangu mimi nisiyekuwapo. Kuhusu shule wanazungumza mbele ya mtu anayeshika fimbo ile ile. Nilichofanya ni kuirahisisha: niliwaambia waache mwalimu, wahesabu vipindi tu. Mara mbili kwa wiki, kwa wiki nne, Fenesi amekosa Hisabati ngapi? Nane. Katika nane hizo huenda hesabu za sehemu zilifundishwa na kumalizika. Hapo midomo ikafunguka, na mmoja akauliza swali nililokuwa nimelitegea: je, kupeleka maji jikoni mwa shule kwa ajili ya uji wa wote, baada ya vipindi, nako ni vibaya? Wakapitisha maswali manne wenyewe, wakasema hapana, ila kwa zamu.

Swali la fimbo nalo lilikuja, kama linavyokuja kila mara ukifundisha haki ndani ya shule yenye fimbo. Mwalimu akilikwepa, kila alichosema kabla kinaanguka. Nilikuwa nimejiandaa kusema kilichoandikwa, si ninachopenda. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinaruhusu mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, zinaweka kikomo cha viboko vinne, na zinataka adhabu iandikwe kitabuni. Msichana huchapwa na mwalimu mwanamke, isipokuwa shule haina. Nikawaambia pia kwamba kiranja hana ruhusa hiyo. Darasa lilipumua kwa namna ambayo ilinionyesha viranja wamekuwa wakifanya nini. Mwenyewe naona fimbo ingeondoka ningefundisha mada hii kwa ulimi mwepesi zaidi, lakini hiyo niliiacha moyoni. Mtoto anahitaji kwanza kujua mpaka uliopo, ili aujue unapovukwa.

Kuhusu yale yasiyosemwa mbele ya wenzake. Kwenye andalio la pili niliongeza mstari ambao fomu yetu haina nafasi yake: "Mtoto akisema jambo lake, nifanye nini?" Usipoliandika kabla, utalifanya kwa pupa. Sikuwauliza kamwe "nani kati yenu yanamkuta haya?" Swali hilo linaonekana la upendo, na linaweza kumvua mtoto nguo mbele ya watu 63. Badala yake niliweka boksi lenye tundu dirishani mwa ofisi, nikawaambia anayetaka aandike, na anayetaka nimwite aweke jina. Nikawaambia pia mapema kwamba sitaahidi siri ya kila jambo: mtoto akiwa anaumizwa, nitalazimika kumwambia mtu anayeweza kusaidia. Sheria ya Mtoto inamtaka yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo, na kwetu njia ni mwalimu mkuu, mtendaji, na afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Namba 116, simu ya bure kwa watoto, niliiandika ubaoni bila maelezo marefu, wakaiandika nyuma ya jalada la daftari.

Karatasi tisa ziliingia wiki hiyo. Nyingi zilikuwa za viranja. Mbili zilikuwa za nyumbani, na moja kati ya hizo mbili niliipeleka kwa mwalimu mkuu siku ile ile. Sitaieleza. Ninachoweza kusema ni kwamba haikuhusu maji, na mwandishi wake alikuwa mtoto ambaye darasani hakunyoosha mkono hata mara moja.

Tathmini haikuwa "taja haki tano." Niliwapa kadi ambayo hawakuwahi kuiona, ya Pera mwenye miaka 10 anayeuza karanga stendi kila Jumamosi mpaka saa 3 usiku, na maswali mawili: amekosa nini, na nani anaweza kubadilisha nini. Zaidi ya nusu waliandika kitu ambacho ningekiita jibu. Waliobaki waliandika "Pera ana haki ya kuishi, kuendelezwa, kulindwa," kwa mpangilio wa kitabu, na hapo nikajua bado wako kwenye orodha. Yule wa "asiyefagia asile" aliandika kwamba Pera apewe chakula kwanza ndipo akauze, na asikae mpaka usiku. Nilimpa vema, safari hii nikijua kwa nini.

Msichana mwenyewe na mama yake walipatana juu ya ndoo. Mwishoni mwa kipindi tulikuwa tumefanya maigizo mafupi, wawili wawili, ya namna ya kumwambia mzazi, na watoto wenyewe ndio waliogundua kwamba neno "haki" likitangulia mlango unafungwa. Maneno yaliyofanya kazi yalikuwa ya aina ya "Mama, nikichota mbili jioni na moja asubuhi, nitawahi namba." Hicho ndicho alichokwenda kusema. Mama yake alikubali, kisha akaniletea taarifa wiki mbili baadaye kwamba Jumatatu mpango haufanyi kazi, kwa kuwa Jumatatu ni siku ya gulio na yeye hutoka nyumbani alfajiri na biashara yake. Kwa hiyo Jumatatu binti bado huchelewa.

Kadi ya Fenesi niliipeleka kwenye kikao cha walimu, na hapo haikupokewa kwa makofi. Tulikubaliana maji yapelekwe baada ya vipindi. Mwenzetu mmoja bado huwatuma kipindi cha nne, na anajua ninajua.

Chini ya andalio, mahali pa maoni ya mwalimu, nimeandika hivi kwa ajili ya mwaka mwingine: vikundi vichanganywe wavulana na wasichana kabla ya kuingia darasani, kadi ya shule ipewe kipindi chake peke yake, mlango ukiwa umefungwa, boksi liwe mbali na ofisi, waulizwe siku ya gulio.